Mama, Jovin Ameandika Chini ya Lile Tangazo

Mama,

Lile tangazo la Muganyizi limerudi juu. Najua "limerudi juu" hutaelewa maana yake, wewe ambaye ulikuwa unashika simu kwa mikono miwili na kuongea nayo kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Nitakueleza taratibu, kama nilivyokuwa nakueleza Jumapili tukiwa tumekaa nyuma ya nyumba unamenya ndizi na mimi nakusomea watu wameandika nini. Ila leo kuna jambo ambalo sikukuambia ulipokuwa hai. Ukiona nazungukazunguka, ujue ni woga tu.

Ilikuwa Jumanne mchana, niko dukani hapa Bukoba, napiga laminesheni cheti cha ubatizo cha mzee mmoja wa Kanazi. Simu ikatetemeka mezani. Imeandikwa: Jovin ametoa maoni kwenye chapisho lako. Nikadhani ni mteja ameuliza bei ya kadi za mwaliko. Nikafungua. Nikakutana na uso wa mdogo wangu Muganyizi, ile picha ya mahafali ya kidato cha nne, shati limemzidi mabega, anacheka na meno yote.

Cheti cha mzee wa watu kiliungua pembeni. Nilimrudishia na kumwomba radhi, akaniuliza kama naumwa.

Mama, lile kundi la watu wa Muleba kwenye mtandao linafanya kazi hivi. Ukiandika tangazo, linakaa juu siku moja au mbili, watu wanaliona. Wengine wakiandika yao, lako linashuka, linashuka, mpaka halionekani tena, lakini halipotei. Mtu mmoja akiliibua na kuandika neno chini yake, hata baada ya miaka, linapanda tena juu kana kwamba limeandikwa asubuhi ile. Tarehe ipo, lakini ni herufi ndogo za kijivu chini ya jina langu, na watu hawasomi tarehe. Wanaona picha, wanaona neno "ametoweka", wanaanza kuandika.

Kabla sijafunga duka walikuwa wameshajaa. "Mungu amlinde huko aliko." "Mmejaribu polisi?" "Nimesambaza." Mwanamke mmoja ambaye simjui kaandika, "Mama yake jipe moyo, mtoto atarudi." Niliisoma hiyo nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Mama jipe moyo! Tumekuzika miaka miwili na nusu iliyopita, pembeni ya bibi, na majani ya migomba yanakudondokea, na huku watu wanakuandikia ujipe moyo.

Na katikati ya hao wote, maneno ya Jovin. Nayaandika kama yalivyo.

"Dada habari. Samahani najua hili tangazo ni la miaka mingi sijui kama bado mnamtafuta. Mimi nilifanya kazi na huyu jamaa kisiwani Bumbire kambi moja ya uvuvi. Sisi tulimwita Ticha maana ndiye alikuwa anatusomea meseji. Hili tangazo aliliona kwenye simu yangu wakati lile, kama mwezi mmoja baada ya kuliandika. Simu yangu ikaja ikaingia maji na akaunti ikapotea, ndiyo maana sikuandika. Sasa nina simu nyingine nimetafuta jina lake humu kwenye kundi nikaliona. Nimepiga namba ya mama iliyopo hapo amepokea mama mwingine yuko Tabora anasema hajui. Naomba mnisamehe kwa kuchelewa."

Aliliona. Mama, mwanao aliliona lile tangazo. Miaka yote ulikuwa unasema labda halijamfikia, labda huko kisiwani hakuna mtandao, labda simu yake imekufa. Lilimfikia ndani ya mwezi.

Nilimwandikia Jovin pembeni, ujumbe wa siri, nikimwuliza alisema nini. Ujumbe wa siri kwa mtu ambaye si rafiki yako unaingia kwenye kapu la pembeni ambalo wengi hawalifungui kabisa, na yeye hakulifungua. Ikabidi nimwulize pale pale mbele ya kundi zima, chini ya maneno yake. Nikaandika kwa kifupi: "Asante Jovin. Bado tunamtafuta. Alisema nini alipoliona?" Jibu lilikuja kesho yake.

"Ilikuwa siku za mbalamwezi hatuingii ziwani, dagaa hazivuliwi mwezi ukiwaka. Tulikuwa tumepanda kule kwenye mawe kutafuta mtandao. Nikamwambia Ticha huyu si wewe? Akasoma akanirudishia simu. Baadaye akaiomba tena akasoma tena mpaka mwisho. Akaniuliza, kuna sehemu nyingine ya haya maandishi? Nikamwambia ni hayo tu. Akasema basi ni dada ndiye ananitafuta, mzee bado. Wiki hiyo hiyo akavuka na mtumbwi wa watu wa upande wa Uganda. Sijamwona tena."

Mzee bado.

Sasa nifike kwenye lile ninalolizunguka. Mama, unakumbuka siku tulipoliandika. Ulikuwa umekuja Bukoba na basi la asubuhi, umekaa kwenye kile kiti changu cha wateja, mkoba umeushika mapajani kama uko kwa daktari. Mimi kazi yangu ni kuandikia watu. Naandika barua za kuomba kazi, shukrani za msiba, risala. Mtu akinipa maneno yamepinda nayanyoosha, ndiyo mkate wangu. Wewe ukaniambia, "Mwana wange, haya usiyanyooshe. Andika ninavyosema." Nikaandika. Jina lake, umri, alivyovaa alipoondoka, kwamba mara ya mwisho alipiga simu akiwa Bumbire. Na mwisho ukasema hili, polepole, ukisubiri vidole vyangu: "Mwambieni mibuni imechipua, na baba yake amesema arudi nyumbani."

Nilijua ulikotoa hayo maneno. Tulikuwa wote tunajua. Wakati baba amelazwa na kufanyiwa upasuaji wa ngiri, Muganyizi alichukua panga akakata safu nzima ya mibuni ya babu, ile ya upande wa barabarani, apande parachichi, kwa sababu alikuwa amesikia redioni kwamba parachichi ndiyo kilimo cha sasa. Hakumwuliza mtu. Baba akarudi anatembea na fimbo, mshono haujakauka, akakuta visiki. Akasema mbele ya majirani waliokuja kumpa pole, "Aliyekata mibuni ya baba yangu, mimi si baba yake." Kesho yake Muganyizi akaondoka na begi la shule.

Na baada ya karibu miaka miwili wewe ukanisimulia kwamba baba alikuwa ameanza kwenda kwenye vile visiki kila asubuhi. Kwamba vilikuwa vimetoa machipukizi, na anachagua yenye nguvu, anaacha mawili mawili kila kisiki, anapogoa mengine. Kwamba siku moja umeanika kahawa, akaja akasimama kando ya mkeka bila kukutazama, akasema, "Mibuni imechipua. Mwambie mtoto arudi." Akaenda zake. Uliponisimulia ulikuwa unalia na kucheka kwa pamoja. Ulisema mzee wako hajawahi kuomba msamaha kwa mtu tangu akuoe, na sasa ameomba kwa kutumia kisiki.

Niliiandika ile sentensi, Mama. Naapa niliiandika, nikabonyeza, ikaenda, na wewe ukaondoka kuwahi basi umeridhika.

Saa moja haijaisha baba mdogo akapiga simu. Mwalimu mkuu mstaafu, unawajua shemeji zako walivyo, heshima kwanza na njaa baadaye. Akasema, "Mnatangaza mambo ya mibuni kwenye mtandao? Kwamba kwetu mtoto alikata kahawa ya babu yake? Wakwe zangu wamo humo." Nikamjibu ni maneno ya mama. Akasema, "Mama yako hajui mtandao. Wewe umesoma." Basi hapo ndipo aliponipata, pale kwenye "wewe umesoma". Nikajiambia jina na picha vinatosha. Kwamba wasomaji hata hawataelewa mibuni inahusika nini na mtu aliyetoweka, sentensi imekaa vibaya, haina uhusiano na habari iliyotangulia. Nilijisemea hivyo kabisa, kama nasahihisha insha. Nikabonyeza vidoti vitatu pembeni, nikachagua kuhariri, nikaifuta, nikahifadhi.

Haikuhusu wasomaji. Ilikuwa ya msomaji mmoja tu kati ya wote, na yeye angeielewa hata usingizini.

Jumapili iliyofuata uliniuliza, "Na lile la mibuni wameliona?" Nikasema, "Wameliona, Mama." Uliuliza tena wakati wa senene, tumekaa tunanyonyoa mbawa, nikasema tena limeonekana. Uliuliza hospitalini. Nilikuwa nakusomea Amina na Amina za watu, nikifika mwisho wa tangazo naisoma ile sentensi kutoka kichwani kana kwamba ipo kwenye simu, na wewe unaitikia kwa kichwa. Umekufa unaamini mtoto ameambiwa, na hakutaka kuja. Hilo ndilo linaloniua. Ulikufa ukidhani amekusikia na amekaa kimya.

Sikuja kukuomba unisamehe. Hata kama ungekuwa hapa sijui ningeomba vipi.

Cha kunichoma zaidi ni kwamba haikupotea kabisa. Usiku wa siku aliyonijibu Jovin sikulala, na asubuhi, nikiwa nimefungua duka bila kufagia, nikafungua tena vidoti vitatu. Kumbe ukihariri tangazo, mtandao unatunza la kwanza. Kuna mahali pameandikwa historia ya uhariri, unabonyeza, unakuta maandishi yote mawili, la kwanza na la pili, na saa yake. Ya kwako ipo. Mibuni imechipua. Ipo pale miaka sita, mibonyezo miwili tu kutoka kwenye kidole cha Muganyizi kule kwenye mawe. Aliuliza kama kuna sehemu nyingine ya maandishi. Aliuliza, Mama! Alijua wewe usingeishia pale. Lakini nani anajua kubonyeza vidoti?

Na namba yako. Hiyo nayo ni kosa letu. Ulivyokuwa unaitunza ile simu, imefungwa raba, imefundikwa kwenye kitenge kiunoni, iko na wewe hata kanisani, mpaka siku ile ilipolia katikati ya misa, wakati wa mageuzo, na padri akanyamaza. Aliyepiga alikuwa tapeli, amesoma tangazo, anasema amemwona mtoto Geita. Ulifurahi siku nzima kabla hatujajua. Ulipokufa tuliizima na kuiweka kabatini pamoja na rozari yako. Hatukujua kwamba laini ikikaa miezi bila kutumika inafungwa, na namba anapewa mtu mwingine. Sasa iko kwa mama mmoja Tabora, na kwenye tangazo bado pameandikwa "piga kwa mama yake". Nilimpigia. Ana sauti nzito, ana haraka. Aliniambia watu wanampigia kumwuliza kuhusu mtoto, na kila mara anaogopa ni mtoto wake. Nilimwomba radhi nikakata.

Nilitaka kumjibu Jovin siku ile ile. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Kujibu barua ya mtu aliyechelewa miaka sita si kazi ndogo hata kwa mwandishi wa kulipwa. Yeye ameuliza kana kwamba sisi tupo pale pale alipotuacha, wewe uko hai, namba ni ya kwako, baba amenuna. Ukimjibu tu "asante, bado tunamtafuta," unamdanganya, kwa sababu atabeba picha ya nyumba ambayo haipo.

Baba mdogo akapiga tena. Mtandao umemfikia na yeye. Safari hii sauti ilikuwa ya mtu mzee. Alisema nisiandike kwamba umefariki. Alisema, "Mwache adhani mama yupo. Kwa mama yake atarudi. Ukiandika mama amekufa, anarudi kwa nani?" Na ujue, Mama, karibu nikubali. Haikuwa aibu tena, ilikuwa akili. Ni kweli, kwa nani? Nilikaa nayo siku mbili. Kisha nikamwona Muganyizi akilini mwangu, amefika kona ya barabara na begi lake, anauliza majirani mama yuko shambani au ndani, na kila mmoja anatazama pembeni. Nilimwambia baba mdogo kwamba mara ya kwanza nilimsikiliza, na kwamba sasa hivi sitaki kumsikiliza. Hajanipigia tena.

Ila sikuweza kuandika maneno ya baba bila kumwambia baba. Nikaenda Muleba Jumamosi.

Nikujulishe habari zake. Amekonda. Masikio yamekwisha kabisa tangu uondoke, nadhani ni kwa sababu hakuna tena wa kumrudia mara tatu. Ukitaka kumwambia jambo unamkaribia sikio la kulia na unapiga kelele, na kibanja chetu cha migomba unakijua, ukipiga kelele kwetu wanasikia kwa kina Ma Leokadia na ng'ambo yake. Kwa hiyo ile siri niliyoificha miaka sita niliisema kwa kelele, baba amekaa kwenye kigoda chake. "Tata! Lile la mibuni! Nililifuta! Muganyizi hakulisoma!" Ikabidi nirudie. Mara ya pili nilisikia kwa jirani mtu ameacha kutwanga.

Baba alinitazama mdomo. Akauliza, "Kwa hiyo hajui kama nilisema?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema, "Ningekwenda mwenyewe kule. Miguu ilikuwepo wakati ule." Hakugomba. Ningeshukuru sana kama angegomba. Alinyanyuka akaenda upande wa barabarani na mimi nikamfuata nyuma, ile mibuni sasa imenipita urefu na imezaa vizuri, na baba akaanza kuchuma zilizoiva moja moja, anaziweka kwenye mfuko wa koti. Alipomaliza tawi moja akaniambia kwa Kihaya, bila kunitazama, niandike yote. Na la kifo chako pia. "Mama yake nilimzika mimi," akasema. "Asije akasikia kwa mtu wa njiani."

Nikaandika pale pale kwenye kibaraza, mtandao wa kwetu ukija na kuondoka. Nikajibu chini ya maneno ya Jovin, kwa jina lake, maana ukiandika pembeni huko pengine simu ya mtu haimwambii kwamba amejibiwa. Hivi ndivyo nilivyoandika.

"Jovin ndugu yangu. Umeomba radhi kwa kuchelewa, lakini wa kuomba radhi ni mimi. Tangazo hili ni la miaka sita iliyopita na mengi yamebadilika, nayaandika yote usije ukampelekea habari nusu. Bado tunamtafuta. Namba ya juu si yetu tena, tafadhali msiipigie, niandikieni hapa. Siku tangazo linatoka lilikuwa na maneno ya mwisho ambayo mimi dada yake niliyafuta. Yalikuwa haya: Mwambieni mibuni imechipua, na baba yake amesema arudi nyumbani. Ni maneno ya baba mwenyewe. Ticha hakuyaona kwa sababu yangu. Mama yetu alifariki miaka miwili na nusu iliyopita, tukamzika nyumbani. Hakuacha kumsubiri. Baba yupo na leo amerudia maneno yale yale. Ukimwona Ticha, au ukimjua anayemjua, msomee kwanza la mibuni. La mama mwambie baadaye, akiwa amekaa."

Kisha nikalihariri na tangazo lenyewe, kwa sababu anayekuja mgeni anaanza juu, hashuki mpaka kwenye majibu. Nikaweka mwezi na mwaka tulipoliandika mara ya kwanza, nikatoa namba yako, nikairudisha sentensi yako mahali pake, mwisho kabisa. Baba aliniambia nimsomee. Nikamsomea kwa kelele.

Hayo ni ya wiki tano zilizopita.

Jovin alijibu siku ya tatu. "Nimesoma dada. Poleni sana na msiba. Nimepiga picha haya maneno nimempa jamaa anayevuka kwenda visiwa vya Uganda. Siahidi kitu." Basi. Ni mtu mwungwana, hasemi asichokijua. Tangu hapo yuko kimya, labda wako ziwani.

Wengine hawajanyamaza. Kila nikijibu mmoja tangazo linapanda tena, na likipanda wanakuja wengine ambao hawajasoma chochote. "Hongereni kwa kumpata." "Mama atafurahi sana." "Kwani hii ni ya lini?" Mwenye kuendesha kundi aliniandikia kwa adabu kabisa, akasema ameona linaniumiza, anaweza kufunga maoni, libaki kusomwa tu. Niliona maneno yake nikatamani. Ungejua jinsi nilivyochoka kuandika kwamba mama alifariki. Nimeandika hivyo kwa watu wengi kuliko waliokuja kwenye mazishi. Lakini nikamwambia aache. Kama Muganyizi ataandika siku moja, kwa jina lolote lile, asikute mlango umefungwa tena kwa mkono wangu.

Sina matumaini, Mama. Nilikudanganya ulipokuwa hai, sitakudanganya hapo ulipo. Ziwa ni kubwa, visiwa ni vingi, huko wanaitana Ticha na Master na Babu, mtu anazama na jina lake la nyumbani halijulikani hata na anayemvua. Miaka sita mtu akiamini baba yake hamtaki, inakuwa ndiyo maisha yake. Pengine ana watoto anaowaambia hana kwao. Pengine hayupo. Asubuhi nikifungua duka nafungua simu kwanza, na ninapoona ni mteja natabasamu, namwuliza nakala ngapi.

Baba anakuulizia. Siyo kwamba amesahau, anajua umekufa, lakini anauliza, "Mama yenu angesemaje?" Mimi nampigia kelele nyingine yoyote. Jumapili iliyopita alinipa kahawa kavu imefungwa kwenye jani la mgomba, ya ile safu, akasema ni ya Muganyizi, asiiguse mtu. Nimeiweka kabatini na rozari.

Lala salama, Mama. Nitakuja siku ya kuwaombea marehemu, nipalilie na pale kwako, na kama utanitazama kwa jicho lile la kunipima nitaelewa. Ninakuahidi mambo mawili ninayoyaweza. Kila atakayeandika chini ya lile tangazo, hata baada ya miaka kumi, nitamjibu, nitamwambia liliandikwa lini, na nini kimetokea tangu hapo. Na siku Muganyizi akija, kabla hajavua viatu, kabla hajauliza kaburi lako liko wapi, nitamwambia ni mimi niliyefuta.

Mwanao,
Adventina